Slabu yenye bimu: kupiga hesabu ya zege na plaiwudi bila kuishiwa katikati ya kazi

Kuna slabu moja Dar es Salaam ambayo kila nikipita karibu nayo naikumbuka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tumeshamwaga zege robo tatu ya eneo, na dereva wa gari la mwisho akashuka akatuambia amemaliza. Mbele yetu pamebaki mita mbili na nusu hivi za nondo tupu, bimu ya mwisho haina hata tone. Aliyepiga hesabu alizidisha urefu kwa upana kwa unene wa slabu, akasahau kwamba chini ya slabu kuna bimu zinazoning'inia. Zege lililokuja kesho yake lilikutana na zege lililokwisha kukauka, na mpaka leo pale kwenye maungio maji ya mvua hupata njia. Wiki mbili kabla ya hapo, kwenye nyumba hiyo hiyo, seremala alikuwa ameshaishiwa plaiwudi, na chanzo kilikuwa kile kile: bimu hazikuhesabiwa.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida tuipigie hesabu mwanzo mpaka mwisho. Ukishaifuata, ya kwako utaiweza kwa kubadilisha vipimo.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya ghorofa moja. Ina nguzo tisa, tatu kwa tatu, kila nguzo sentimita 23 kwa 23. Kwa upande mrefu nguzo zimeachana mita 5 senta kwa senta, kwa upande mfupi mita 4. Ukipima nje kwa nje unapata mita 10.23 kwa 8.23. Bimu zinapita juu ya kila mstari wa nguzo: tatu ndefu na tatu fupi, zote na upana wa sentimita 23. Ramani inasema bimu ina kina cha sentimita 45, na slabu ina unene wa sentimita 15.

Kati ya bimu na bimu yanapatikana mapengo manne, kila moja mita 4.77 kwa 3.77. Katika pengo moja la pembeni kuna tundu la ngazi la mita 2.20 kwa 3.77, limegusa bimu fupi ya mwisho. Kwa hiyo slabu ya pengo hilo imebaki mita 2.57 tu.

Nguzo zimeshamwagwa mpaka usawa wa chini ya bimu. Hili nalo liulizie kwenye kazi yako, maana fundi mwingine huishia juu zaidi, mwingine chini zaidi, na hesabu inabadilika.

Hatua ya 1: soma kina cha bimu kwa usahihi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea kabla hata hawajashika kikokotoo. Injinia akiandika bimu 230 kwa 450, ile 450 inapimwa kutoka juu ya slabu mpaka chini ya bimu. Unene wa slabu umo ndani yake. Sehemu inayoning'inia chini ya slabu ni 450 toa 150, yaani milimita 300.

Ukihesabu slabu nzima kwa unene wa sentimita 15, halafu ukahesabu bimu kwa sentimita 45 kamili, umelihesabu zege la juu ya bimu mara mbili. Kwa nyumba hii kosa hilo peke yake ni mita za ujazo 1.84, karibu mifuko 15 ya saruji. Ukisahau bimu kabisa, unapungukiwa mita za ujazo 3.68. Makosa haya mawili hayalingani. La kwanza linakula pesa, la pili linaacha ufa ndani ya nyumba.

Kama ramani haieleweki, tazama mchoro wa mkato wa bimu na angalia ringi. Ringi ya urefu wa sentimita 40 ndani ya bimu hii ina maana kina cha 45 kinahesabiwa pamoja na slabu, maana ringi imepanda mpaka karibu na uso wa juu ikaacha sentimita mbili na nusu za zege juu na chini.

Hatua ya 2: zege la slabu

Chukua slabu yote nje kwa nje, juu ya bimu na nguzo pia, kisha toa tundu la ngazi.

10.23 × 8.23 = 84.19
2.20 × 3.77 = 8.29
84.19 − 8.29 = mita za mraba 75.90
75.90 × 0.15 = mita za ujazo 11.39

Vitundu vya mabomba ya maji machafu usivitoe. Ni vidogo, na siku ya kumwaga zege litapotea kwingine kwa kiasi hicho hicho. Nondo nazo usizitoe. Zinachukua nafasi ya kama asilimia moja tu ya ujazo, na hiyo acha ikusaidie.

Hatua ya 3: zege la bimu zinazoning'inia

Bimu ndefu zihesabu kwa urefu wao wote: 3 × 10.23 = mita 30.69. Bimu fupi zihesabu kati ya bimu ndefu tu, ili pale zinapokutana pasihesabiwe mara mbili: kila moja ina vipande viwili vya mita 3.77, na ziko tatu, kwa hiyo 6 × 3.77 = mita 22.62. Jumla mita 53.31.

53.31 × 0.23 × 0.30 = mita za ujazo 3.68

Sasa jumlisha: 11.39 na 3.68 ni mita za ujazo 15.07. Hicho ndicho kiasi cha ramani, bila hata karai moja kumwagika.

Hatua ya 4: kiasi cha kuagiza

Ongeza asilimia tano, unafika 15.8, agiza 16. Watu huniuliza hiyo asilimia tano inakwenda wapi wakati mafundi wamekuwa waangalifu. Zege linalobaki kwenye mpira wa pampu ni sehemu ndogo. Kubwa liko kwenye unene. Slabu hii ina mita za mraba 76. Ikizidi unene kwa sentimita moja tu, umeshamaliza mita za ujazo 0.76, na hiyo peke yake ni asilimia tano. Mbao zikilalia kidogo chini ya uzito, au fundi wa levo akaishikilia kamba juu kidogo, sentimita hiyo imeshapatikana.

Ndiyo maana kabla ya kuagiza ninafunga kamba juu kutoka ukingo mmoja wa fomu mpaka mwingine, ninashuka na futi kamba kwenye sehemu kama ishirini, na kupima kutoka kwenye kamba mpaka kwenye plaiwudi. Nikikuta 15, 15, 16, 15, najua hali yangu. Nikikuta 17 katikati ya pengo, namwita seremala apandishe mirunda, maana zege halitakuja kuirekebisha fomu iliyolala.

Kama unachanganya pale pale kwa uwiano wa 1 kwa 1.5 kwa 3, kila mita moja ya ujazo inakula mifuko minane ya kilo 50. Kwa 16 ni mifuko 128. Mchanga unatoka mita za ujazo 6.7 na kokoto 13.4. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, kwa hiyo nunua kama 8.5. Boksi la kupimia litengeneze la sentimita 35 kwa 33 kwa kimo cha 30 kwa ndani. Hilo linabeba ujazo wa mfuko mmoja, na mchanganyiko wako utakuwa mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto. Injinia akitoa uwiano wake mwenyewe, fuata wake.

Hatua ya 5: tenganisha plaiwudi kwa kazi zake

Sasa tufike kwenye bodi, ambako mambo ni mengi zaidi. Tunatumia plaiwudi ya milimita 18, ile mafundi wanayoiita marini bodi, futi nne kwa nane. Kwa mita ni 1.22 kwa 2.44, eneo lake mita za mraba 2.98.

Mwenye nyumba mmoja, mama mtu makini sana, alinionyesha hesabu yake kwenye daftari: 84.19 gawa kwa 2.98, bodi 29. Akaniuliza, "Fundi, mbona wewe umeandika 44? Nyingine kumi na tano zinakwenda wapi?" Lilikuwa swali la haki kabisa, na jibu lake ndilo mwongozo huu. Bimu ni robo tu ya zege la nyumba hii, lakini zinakula karibu nusu ya plaiwudi. Bimu ina uso wa chini na nyuso mbili za pembeni, na kila uso unataka bodi yake.

Zigawe bodi katika makundi manne. Kuna tandiko, yaani bodi zinazolala chini ya slabu. Kuna vitako, yaani mikanda ya chini ya bimu. Kuna mbavu za ndani, za upande ambao slabu inaendelea. Na kuna mbavu za nje, za ukingo wa nyumba, pamoja na zile zinazotazama tundu la ngazi.

Hatua ya 6: pata upana halisi wa kila mkanda

Kubaliana na seremala jinsi bodi zitakavyokutana, kwa sababu unene wa milimita 18 unaingia kwenye kila kipimo. Mimi hufunga hivi: kitako kina upana sawasawa na bimu, milimita 230. Ubavu unasimama pembeni ya kitako na kukiziba ubavuni, kwa hiyo unashuka milimita 18 chini ya zege. Tandiko la slabu linalala juu ya kichwa cha ubavu.

Ubavu wa ndani basi unaongezeka 18 chini na kupungua 18 juu, unabaki 300 kamili. Ubavu wa nje hauna tandiko juu yake. Unapanda mpaka uso wa juu wa slabu, kwa hiyo ni 450 na 18, milimita 468. Ukingo wake wa juu ndio levo yenyewe ya kupigia zege, kwa hiyo ukatwe ulionyooka.

Kuna seremala anayekalisha mbavu juu ya kitako. Kwa mtindo huo kitako kinakuwa 266 na mbavu zinapungua. Hakuna ubaya, ila akate bodi zote kwa mtindo mmoja. Nimewahi kukuta mafundi wawili, mmoja anakata vitako kwa mtindo wake na mwingine mbavu kwa mtindo wake, na bimu ikatoka pungufu ya sentimita karibu mbili ya kina. Nondo zikagusa plaiwudi.

Hatua ya 7: pasua bodi kwa karatasi kabla ya msumeno

Ukigawa eneo kwa eneo la bodi unapata makadirio tu. Idadi ya kweli inatoka kwenye mikanda, na msumeno nao unakula milimita tatu kila unapopita.

Anza na ile mipana, mbavu za nje. Kwenye bodi ya 1220 inatoka mikanda miwili ya 468, jumla 936, na panabaki kama 278. Hapo seremala asiye na orodha huliweka pembeni pande hilo, baadaye likatumika kuwekea matofali. Lakini 278 inatosha kitako cha 230. Kila bodi unayopasua kwa ajili ya mbavu za nje inakupa mbavu mbili na kitako kimoja, na hapo ndipo unapookoa bodi mbili nzima.

Ukingo mrefu wa nyumba, pamoja na kuzidi kidogo kwenye kona, unataka mikanda minne mizima ya 2.44 na kipande cha nusu mita hivi. Ukingo mfupi unataka mitatu na kipande cha sentimita 91. Kwa pande zote nne ni mikanda 14 mizima, na vile vipande vinne vinatoka kwenye mikanda miwili. Jumla 16. Wa mwisho umekatwa nusu mita tu, umebaki mita 1.9, utunze.

Kwenye tundu la ngazi hakuna slabu ya kulalia juu ya ubavu, kwa hiyo mbavu tatu zinazolitazama nazo ni za 468: mbili za mita 2.20 na moja ya 3.77. Hiyo ya 3.77 ni mkanda mzima wa 2.44 na kipande cha 1.33, ambacho unakikata kwenye ule uliotunza. Kwa hiyo tundu linahitaji mikanda mitatu. Kumi na sita na tatu ni 19, bodi 10, na mkanda mmoja umebaki. Huo upasue milimita 150, utapata vizuizi vya ukingo wa slabu pale inapoishia kwenye tundu, urefu wa mita 3.77, na utabakiza.

Bodi 10 za mbavu pana, na kutoka humo vitako 10 bila kununua.

Mbavu za ndani ni milimita 300. Bodi moja inatoa minne: 1200 na mipasuo mitatu ya msumeno ni 1209, umebakiwa na milimita 11. Kama bimu yako ingekuwa na kina cha 460 badala ya 450, ungepata mitatu tu na bodi zingeongezeka kwa theluthi, ndiyo maana nasema usikadirie kwa eneo. Kila upande wa 4.77 unataka mikanda miwili, na pande hizo ziko sita: 12. Pande mbili za pengo la ngazi ni 2.57, mkanda mmoja kila upande na kipande kidogo: 2. Pande za 3.77 ni saba, kila mmoja mkanda mzima na kipande cha 1.33: 14. Jumla mikanda 28, bodi 7. Humo vinabaki vipande saba vya urefu wa mita 1.11. Vipande viwili vya sentimita 13 vikate hapo, vingine vihifadhi.

Vitako vinakwenda kati ya nguzo na nguzo tu, kwa sababu juu ya nguzo zege linakutana na zege. Vipande sita vya 4.77 vinataka mikanda 12, na vipande sita vya 3.77 vinataka 12 vingine. Jumla 24. Kumi unavyo tayari, vimebaki 14. Bodi moja inatoa vitako vitano, kwa hiyo bodi 3 zinatosha na kimoja kinazidi.

Hatua ya 8: tandiko la slabu

Pengo ni 4.77 kwa 3.77. Ukilaza bodi kwa urefu wake kufuata ile 4.77, mbili zinafika 4.88, unakata sentimita 11. Kwa upande wa 3.77, safu tatu zinafika 3.66, na pamebaki ufa wa sentimita 11. Ukizigeuza bodi upande wa pili unahitaji nane kwa pengo badala ya sita, na vipande vingi vya mita 1.11 vinabaki mikononi.

Mimi huchagua sita na ufa. Ule ufa wa sentimita 11 uuweke wote upande mmoja, kando ya bimu, na uzibe kwa mabaki: vile vipande vya mita 1.11 vya mbavu na vya vitako, kila kimoja kinapasuka mara mbili. Kwa mapengo yote unahitaji kama mita 17 za mkanda huo, na mabaki yanakupa zaidi ya hapo. Kuna faida nyingine unayoiona siku ya kuvua. Kipande chembamba ndicho kinachotoka kwanza, kikishatoka bodi nzima zinapata nafasi ya kusogea, hazipigwi nyundo wala kuchanwa kona.

Ila kikate urefu wa sentimita 81. Sababu ni mbao za chini. Plaiwudi ina nguvu zaidi ikikatiza mbao zinazoibeba kwa upande wake mrefu, kwa hiyo mbao zipite kwa upande wa 3.77, na ziachane sentimita 40.6 senta kwa senta. Kipimo hicho kinaonekana cha ajabu mpaka ukigawanya 2.44 kwa sita. Kila bodi inapoishia inakuta mbao chini yake. Ukitumia 45 au 50, maungio yanaangukia hewani, na ndipo unapoona baada ya kuvua mistari iliyovimba chini ya slabu, ambayo baadaye inamaliza plasta. Kipande cha 81 kinaruka nafasi mbili na ncha zake zote mbili zinakaa juu ya mbao.

Mapengo matatu kwa bodi sita ni 18. Pengo la ngazi lina slabu ya 2.57, lakini tandiko lisiishie hapo. Litokeze kama sentimita 20 ndani ya tundu, ili kile kizuizi cha ukingo kipate pa kusimamia na kupigiwa mshazari. Weka bodi tatu, na ya nne ipasue mikanda ya sentimita 33 kuziba urefu uliobaki. Jumla ya tandiko, bodi 22.

Hatua ya 9: jumla, na jinsi ya kuihakiki

Tandiko 22, mbavu pana 10, mbavu za ndani 7, vitako 3. Bodi 42. Bimu zimechukua 20 kati ya hizo.

Sasa fanya ile hesabu ya eneo kama mashahidi wawili wanavyolinganishwa. Nyuso zote zinazoguswa na zege zinafika mita za mraba 115 hivi, ukigawa kwa 2.98 ni bodi 39. Orodha yako ya mikanda ikitoa 42, tofauti ya bodi tatu ni ya mabaki, inaaminika. Ikitoa 39 kamili, kuna kitu umesahau, kwa sababu hakuna seremala anayekata bila kubakiza. Ikitoa 50, mpangilio wako wa kupasua ni mbaya, urudie kabla ya kwenda dukani.

Ninanunua 44. Mbili ni za bodi itakayofika imepasuka kona au itakayokatwa vibaya. Na usipange kuzihamisha kutoka pengo moja kwenda jingine, maana slabu hii inamwagwa siku moja na bodi zote zinatakiwa ziwe juu kwa wakati mmoja. Mbavu zinaweza kuvuliwa siku moja au mbili baada ya kumwaga. Tandiko na vitako vinasubiri neno la injinia. Ukitaka zitumike kwenye slabu inayofuata, ziandike kwa rangi mgongoni, "ubavu nje, mashariki, 2", zikipakwa mafuta ya fomu na kuhifadhiwa zikiwa zimelala kivulini.

Jambo moja kuhusu mirunda, kwa kuwa hesabu yote inakaa juu yake. Slabu mbichi ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, bila watu na matoroli. Kila mita moja ya bimu, kwa kina chake chote, ni karibu kilo 250 kwenye upana wa sentimita 23 tu. Mirunda ya chini ya bimu iwe karibu karibu kuliko ya slabu, na chini ya kila mguu pawe na ubao juu ya udongo ulioshindiliwa. Udongo uliofukiwa juzi ukilowa na maji ya zege, mguu unazama, na zile sentimita za ziada tulizozisema zinaanzia hapo.

Hatua ya 10: siku ya kumwaga, gari la mwisho

Anzieni upande wa tundu la ngazi, mwende kuelekea ukingo wa mwisho. Bimu na slabu vimwagwe pamoja mkisonga mbele: jaza bimu, piga vibreta, funika na slabu yake, endelea. Ukijaza bimu zote sita kwanza ndipo urudi kwenye slabu, bimu ya kwanza itakuwa imeshaanza kushika.

Mwambie mtu wa kiwanda cha zege mapema kwamba gari la mwisho lisubiri simu yako. Kwa nyumba hii tunaita 6, tunaita 6, halafu tunapima. Kwa mujibu wa ramani, baada ya mita za ujazo 12 panatakiwa pabaki ukanda wa mita 1.76 hivi mpaka ukingo.

Siku yetu tulipima tukakuta 2.10. Hesabu yake ni hii hii ya mwanzo, ila kwa kipande. Slabu: 2.10 × 8.23 × 0.15 = 2.59. Bimu: ndefu tatu za mita 2.10 ni 6.30, na bimu fupi ya mwisho yenye vipande viwili vya 3.77 ni 7.54, jumla mita 13.84. Zidisha kwa 0.23 na 0.30, unapata 0.95. Kwa pamoja 3.54. Ile nusu mita ya ujazo iliyozidi ilikuwa imetawanyika kwenye slabu iliyokwisha kumwagwa, sawa na milimita nane za unene, na kiasi kilichobaki ndani ya pampu.

Tukapiga simu tukaomba 4. Zege lilifika ukingo wa mwisho saa tisa na nusu, na kilichobaki kwenye gari tulikimwaga kwenye fomu mbili za mifuniko ya shimo la maji machafu, ambazo seremala alikuwa ameshaziandaa tangu asubuhi kwa yale mabaki ya plaiwudi.